"Futa ubeti wa tatu." Ndiyo maoni hayo?

Kalamu_Kavu: Wakuu, mnamjua. Yule wa warsha ya mashairi ambaye hata ukimpelekea salamu ya Idi atakwambia punguza beti. Tarbia ya beti tano, yeye kaandika maneno manne: futa ubeti wa tatu. Nukta! Mshororo wenyewe huu: "Mtoto kalala njaa, mama hana la kusema." Mwenzake anasema hapo ndipo roho ya shairi, nisiguse. Wa tatu anauliza mama katokea wapi. Wa nne, mizani pungufu. Nimsikilize nani? FUTA! Ubeti mzima!

Bwana_Vina: Mizani kweli pungufu. "Mtoto" ni mbili tu, to-to, kwa hiyo kipande cha kwanza kina 7. Anza na kinachohesabika, ladha baadaye.

Shangazi_Arudhi: Utaratibu wako sawa, Bwana_Vina, hesabu ndiyo mbovu. M ya "mtoto" inasimama peke yake: m-to-to-ka-la-la-nja-a, 8. Unaichanganya na "mbuzi", ambayo ni mbu-zi. Hoja ya mizani itupwe. Hao watatu waliobaki wanapingana juu ya dawa, ila wote wameshika palepale. Usipige kura, mwanangu. Ubeti wa pili unasemaje?

Kalamu_Kavu: "Mbuzi wetu kapotea, twamsaka mbele nyuma." Lakini Shangazi, FUTA? Hata sababu hakuna?

Shangazi_Arudhi: Basi ugonjwa uko ubeti wa pili. Mbuzi kapotea, ghafla mtoto ana njaa, na msomaji haambiwi vinahusianaje. Aliyeuliza mama katokea wapi amekuonyesha alipokwama, huyo mfuate. Wa "futa" huenda amekwama hapohapo, ila kaandika dawa bila kutaja maumivu. Ubeti wa tatu uache kwanza. Ubeti wa pili tia kipande kama "maziwa yake ya mwana", 8 kamili, vina upange mwenyewe. Kisha mpe mtu ambaye hajalisoma. Akiuliza tena habari za mama, hapo ubeti wa tatu nao una lake.

Cheka_Taratibu: Kumbe jamaa alilenga sehemu yenyewe! Povu lote hili la nini?

Kalamu_Kavu: Kulenga si hoja. Maneno manne! Hata "ndugu" hakuweka.

Mtu_wa_Huru: Afadhali yako. Sisi wa mashairi huru kila maoni ni "vina viko wapi?" Hiyo tunaibadilisha vipi?

Shangazi_Arudhi: Hiyo mwachieni mwenyewe. Anataka shairi jingine, si hilo lako.

Bwana_Vina: Huru ni uvivu wa kuhesabu.

Mtu_wa_Huru: Anasema aliyeimeza m ya mtoto 😂

Cheka_Taratibu: Ugomvi wa tangu miaka ya 1970 huo, fungueni uzi wenu.

Bwana_Vina: Sawa, wajuzi. "Mbwa" ina mizani ngapi?

Mtu_wa_Huru: Moja.

Shangazi_Arudhi: Mbili! M-bwa.

Bwana_Vina: Si mlisema m ya mbuzi haisimami?