Ndoo ya tokeni: wanaoandika kuwa wastani hauzidi, watuambie hauzidi kwa muda gani!

Wakuu, nimechoka na nyaraka za kuunganisha mifumo zinazoandikwa kwa kubahatisha. Kuna mtoa huduma wa SMS (simtaji) ambaye mkataba wake unaruhusu rikwesti 600 kwa dakika. Nyaraka zake zinashauri mteja aweke upande wake ndoo ya tokeni yenye uwezo wa 100, inayojazwa tokeni 10 kila sekunde, na kila rikwesti inatumia tokeni moja. Maelezo yanasema ndoo inakubali mafuriko mafupi lakini wastani unabaki palepale, kwa hiyo hutavuka 600. Tumefuata neno kwa neno:

```
rate.NewLimiter(10, 100)
```

Saa 2:00 kamili asubuhi zinatoka SMS za kuwakumbusha wazazi ada. Ndoo imelala usiku kucha, imejaa. Rikwesti 100 zinapita mara moja, kisha 10 kila sekunde. Ikifika sekunde ya 50 tumeshatuma 600, na kuanzia hapo hadi dakika inapogeuka ni 429 tupu, yaani tunakataliwa kwa kuzidisha rikwesti. Jumla ya dakika hiyo ni 700: zile 100 zilizokuwa ndani ya ndoo, na 600 zilizojazwa njiani. Nikipiga simu naambiwa mfumo wangu hauheshimu kikomo. Mfumo unafanya kilekile walichokiandika! Mzazi hapati ujumbe, shule inanipigia mimi.

Mzee wa Hesabu: Mkuu, punguza hasira, maelezo ni sahihi. Pima kwa saa nzima: 100 jumlisha 36,000, gawa kwa sekunde 3,600, unapata kama 10.03. Mafuriko yameyeyuka. Ndoo ikishakauka huwezi kupata mafuriko mengine mpaka utulie. Kuijaza yote tena ni sekunde 10 za kimya.

Mwanzisha uzi: Kwa saa nakubali. Lakini mita yao inahesabu dakika, na kwa dakika ni 11.67 kwa sekunde. Sentensi isiyotaja muda siyo sahihi, ni mtego.

kijana_wa_seva: Hata mimi hii kitu imenitesa. Kwenye nginx niliweka burst=20 bila nodelay, wateja wakalalamika tovuti nzito, hakuna aliyekataliwa. Ndoo ya tokeni inachelewesha sana.

Bi Mitandao: Mdogo wangu, hilo ni tatizo jingine. limit_req ya nginx ni ndoo inayovuja. Bila nodelay, rikwesti za ziada zinapangwa foleni na kutolewa moja moja kwa kasi uliyoweka, ndiyo maana watu wanasubiri. Ndoo ya tokeni haisawazishi chochote: tokeni ikiwepo unapita sasa hivi.

Mwanzisha uzi, una haki ya kukasirika. Ahadi ya ndoo ni hii: katika muda wowote wa sekunde t, kinachopita hakizidi B + r×t. B ni uwezo wa ndoo, r ni kasi ya kujaza. Wao wameandika r×t peke yake. Ukitaka 600 kwa dakika na ubaki na mafuriko ya 100, basi 100 + 60r isizidi 600, yaani r ni 8.33. Weka 8, utaishia 580. Au punguza ndoo iwe 10 na kasi iwe 9.8, kama mafuriko huyahitaji. Kwa SMS za ada sioni kwa nini uyahitaji.

Na angalia: unaendesha prosesi ngapi? NewLimiter inakaa kwenye kumbukumbu ya prosesi moja. Ukiwa na mbili, una ndoo mbili, na hesabu yote inazidishwa mara mbili.

Mwanzisha uzi: Ni moja tu, nimehakikisha. Nitaweka 8. Ila ni wao wanaopaswa kurekebisha nyaraka, siyo kila mteja agundue kwa kuumia.

Mzee wa Hesabu: Au wahesabu kwa dirisha linaloteleza, yaani kila mara sekunde 60 zilizopita, badala ya dakika ya saa, tatizo liishe.

Bi Mitandao: Haliishi, mkuu. Dirisha linaloteleza nalo litakataa kuanzia sekunde ya 50. Ila unaweza kujua wanatumia lipi: kwa mpangilio wa zamani, anza kutuma saa 2:00:30. Kama ni dakika ya saa, kufikia 2:01:00 utakuwa umetuma 400 tu, dakika inayofuata 600, na hutaona 429 za mfululizo. Kama linateleza, zitaanza sekunde ileile ya 50 tangu uanze.

kijana_wa_seva: Na zile zilizokataliwa, zinahesabiwa kwenye 600? Maana msimbo wangu hurudia papo hapo.

Mwanzisha uzi: Nimewauliza kwa barua pepe. Hawajajibu.