Mrejesho: dakika za mtihani wa Historia

Niliuliza: “Historia kidato cha sita, saa 3, kuchagua maswali matano ya insha, alama 20 kila moja. Nianze na lipi, na kila swali nilitengee dakika ngapi?”

Wakuu, mtihani wa majaribio umepita. Dakika 10 za mwanzo nilisoma yote na kudokeza hoja. Swali lenye hoja chini ya nne nililiacha, hata mada niipendayo. Nikatenga 10 za kukagua. Zikabaki 160, yaani 32 kwa swali.

Nilianza na lenye hoja nyingi, na ndilo king'ang'anizi: dakika ya 32 ilinikuta na hoja moja sijaiandika. Nikaacha nusu ukurasa wazi, nikahama. Hoja hiyo ingeongeza alama chache tu; swali la tano lisipoguswa, 20 zote zimekwenda. Niliimalizia wakati wa kukagua.