Tupeane uzoefu: rangi ya amonia na ile ya "bila amonia" yenye etanolamini

Msusi wa Kirumba
Wasusi wenzangu na wateja, habari za leo. Saluni yangu ni chumba kidogo chenye dirisha moja. Siku ya rangi ya amonia, hata aliyekuja kusuka tu anatokwa machozi. Ndiyo maana nikahamia boksi za bila amonia. Ukisoma nyuma unakuta etanolamini. Harufu imepungua kweli.

Sasa amekuja dada mwenye nywele za asili, nyeusi tii, hazijawahi kuguswa na dawa wala rangi. Anataka kahawia ya asali. Kabla ya kumpaka nikakata vinywele vichache kisogoni, nikavigawa mafungu mawili: moja rangi ya amonia, jingine ya etanolamini, kahawia ile ile, developa ya asilimia 6, dakika 35. La amonia limetoka kahawia yenye wekundu wa shaba. La etanolamini, ukiwa ndani ni jeusi. Mpaka ulitoe juani ndiyo unaona wekundu kwa mbali. Wenzangu mmeona nini?

Mama Kulwa, Igoma
Mimi amonia nilishaachana nayo. Etanolamini haichomi kichwa kabisa na haiharibu nywele. Hata mteja akikaa nayo saa nzima, hamna shida.

Fundi wa Makoroboi
Mama Kulwa, kwenye harufu uko sahihi, hilo la saa nzima hapana.

Zote mbili zinapandisha ualkali ili unywele uvimbe, magamba yake ya juu yaachie, rangi na developa viingie. Amonia ni chembe ndogo na kwa asili yake ni gesi. Inapenya upesi, na huku inaruka hewani. Hiyo ndiyo inayowachoma pua na macho. Etanolamini ina uzito zaidi ya mara tatu wa amonia, ni kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 170 hivi. Hairuki, kwa hiyo hainuki sana. Lakini kisichoruka kinabaki, na kinaendelea kufanya kazi kwenye unywele na kwenye ngozi mpaka ukisuuze. Nimeona wateja wamebabuka nyuma ya masikio na kwenye shingo, siku ambazo maji ya bomba yamekatika na suuza imekuwa ya ndoo moja.

Kuhusu weusi: anayeuvunja ni developa, ila anahitaji ualkali wa kumwamsha. Amonia inamwamsha vizuri, ndiyo maana fungu lako limefika kwenye shaba. Etanolamini ya kwenye boksi inapandisha ngazi moja, mbili, basi. Kiwanda kikiizidisha ili ifanane na amonia, inaweza kuumiza unywele kuliko amonia yenyewe.

Bibie wa Ukerewe
Samahani jamani, mimi nilipaka piko kichwani kwa ajili ya harusi. Kesho yake naamka uso umevimba, macho hayafunguki. Kumbe ni amonia?

Fundi wa Makoroboi
Pole sana bibie. Hiyo siyo amonia. Muwasho wa amonia au etanolamini unaanza rangi ikiwa bado kichwani, na ukisuuza unaanza kutulia. Kuvimba kesho yake ni dalili ya mzio, na kwenye piko anayeshukiwa kwanza ni PPD, ile inayoleta weusi. Boksi za bila amonia nyingi zinayo pia. Usipake tena piko wala rangi ya kudumu mpaka daktari wa ngozi akuone.

Kijana wa Nyegezi
Mimi nina mvi tu, nataka ziwe nyeusi. Nahitaji amonia?

Msusi wa Kirumba
Kaka, kwako hakuna weusi wa kuvunja, unaongeza tu. Etanolamini inatosha, ila mvi ngumu zipe muda wote ulioandikwa kwenye boksi.

Fundi, na nywele zenye dawa?

Fundi wa Makoroboi
Hizo magamba yake dawa imeshayafungua. Etanolamini na developa ya asilimia 3 zinanitosha. Ukiweka amonia zinakunywa rangi kupita kiasi, na ukizivuta zikiwa mbichi zinarefuka kama mpira, halafu zinakatika. Nasubiri wiki mbili baada ya dawa.

Mama Kulwa, Igoma
Wiki mbili chache, mimi nasubiri nne.

Msusi wa Kirumba
Basi dada wa asali nampaka amonia, mlango na dirisha wazi, hakuna mteja mwingine ndani. Naanza katikati na nchani, mizizi mwisho, maana joto la kichwa linaipandisha upesi. Nimeshamwambia itakuwa shaba, asali yenyewe inahitaji blichi.

Kuna boksi nyingine nimeikuta ina amonia na etanolamini kwa pamoja. Nani ameshaitumia kwenye nywele za asili?