Kufupisha karatasi ya usalama ya kostiki soda kutoka kwenye picha

Mama Miche, Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Tunatengeneza sabuni za miche kwa kostiki soda ya vipande. Muuzaji kanitumia karatasi ya usalama kwa Watsapu, picha za Kiingereza, na flashi imekula maandishi. Nataka ukurasa mmoja wa Kiswahili wa ukutani: hatari, namna ya kuishika, huduma ya kwanza. Sehemu ya 2, kwenye namba ya aina ya hatari, naona H31 halafu tarakimu iliyofifia, 4 au 5. Niandike ipi?

Kijana wa Tandika: Andika "inaunguza, vaa glavu. Akimeza asuuze mdomo, aende hospitali." Ukutani hakuna anayesoma marefu.

Mzee wa Maabara: Urefu uko sahihi kijana, lakini umeangusha neno zito kuliko yote. Kwenye karatasi za kostiki soda, baada ya kusuuza mdomo huja USIMTAPISHE, kwa sababu ikirudi juu inaunguza koo mara ya pili. Punguza maelezo, makatazo yaache neno kwa neno. Hata jicho: "suuza dakika kadhaa" haitoshi, mwishoni pana "endelea kusuuza".

Mama, tarakimu usibahatishe. H315 ni kuwasha ngozi, H314 ni kuunguza vibaya ngozi na kudhuru macho. Mchoro wa mkono unaoliwa usiutegemee peke yake, maana hata kemikali inayokula metali tu huwekewa. Tazama neno kubwa la onyo: ni la hatari au la tahadhari? Na namba ya CAS, ile ya kutambulisha kemikali, inasomekaje?

Mama Miche, Mbagala: Neno ni la hatari. CAS ni 1310-73-2 au 1310-78-2, sioni vizuri.

Mzee wa Maabara: Iache tarakimu ya mwisho, hiyo ni ya kuhakiki zilizobaki; anzia kulia ukizidisha kwa 1, 2, 3 na kuendelea, kisha jumlisha. Ya 73 inatoa 3+14+0+4+15+6, yaani 42, inaishia na 2 kama ilivyoandikwa. Ya 78 inatoa 47, haikubali. Basi ni kostiki soda kweli, na ya vipande ni H314.

Bwawa Safi: Mimi natia klorini kwenye mabwawa Masaki, naweza kubandika hiyo hiyo?

Mzee wa Maabara: Hapana ndugu, tafuta ya klorini yako. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu, jambo ambalo ya kostiki haitakwambia.

Mama Miche, Mbagala: Asante mzee. Ila mistari ya mwisho ya sehemu ya 4 imekatwa na kidole cha mpiga picha.

Kijana wa Tandika: Chukua ya muuzaji mwingine, kemikali si ile ile?

Mzee wa Maabara: Yake inaweza kuwa ya maji, asilimia nyingine. Andika "haisomeki", omba PDF. Na pitia sehemu ya 10 pia, kostiki na alumini hutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Sufuria zenu ni za nini?

Kijana wa Tandika: Mzee, "haisomeki" ukutani itamsaidia nani aliyeungua?