Tupeane uzoefu: vibao vya bei vyenye tarakimu za Kiarabu

MamaZabibu: Mbukwenyi. Mdogo wangu yuko Kairo kwa masomo, jana kanitumia picha ya kibao cha machungwa. Mimi nimeona duara moja na mkunjo kama kulabu, nikamwambia "ishirini". Kanicheka, ni 25. Waliopita huko, mlisomaje bei msiibiwe?

Mkonze_Juu: Rahisi. Waarabu wanasoma kutoka kulia, kwa hiyo geuza namba.

Fundi wa Chang'ombe: Usimpoteze mwenzio! Maneno ndiyo yanatoka kulia, namba inakaa kama yetu, kubwa kushoto. ٢٥ ni 25, si 52.

Mkonze_Juu: Mbona muuzaji aliniambia "khamsa wa ishirin"? Tano kwanza.

Fundi wa Chang'ombe: Hapo umesikia sawa. Mdomoni wanaanza na mamoja ndipo makumi, tano na ishirini. Sisi tunasema ishirini na tano. Ukiandika kwa kufuata sikio utaandika 52, lakini kwenye kibao ni 25.

Bibi wa Kikuyu: Hata Majengo kuna shida. Juzi viatu viliandikwa 15, nikatoa mia tano nikidai chenji, kumbe ni elfu kumi na tano.

Mkonze_Juu: Bibi, hapa tunazungumzia tarakimu za kigeni.

Bibi wa Kikuyu: Bei ni bei, mjukuu wangu. Nimeumia na mimi.

Mtoto wa Mpwapwa: Mmenikumbusha mwaka wangu wa kwanza Kairo. Nilikuwa na siku nne tu mjini, nikaingia soko la Ataba kutafuta kitambaa cha pazia. Kwenye robota kulikuwa na kipande cha boksi: ١٥٠. Nikaona moja, nikaona duara, halafu kidoto. Kichwani mwangu ikawa 10, na kidoto nikadhani ni nukta ya mwisho wa sentensi. Bei za kule sikuzijua. Nikaonyesha vidole vinne, muuzaji akapima mita nne, akakata.

Nikampa noti ya 50 nikisubiri chenji ya 10. Akaendelea kunyoosha mkono. Nikaongeza 50, bado. Watu wakaanza kujaa, mzee mmoja akapaza sauti, na Kiarabu changu kilikuwa salamu tu. Mfukoni nilikuwa na 200, na alichotaka ni 600. Kitambaa kimeshakatwa, hakirudi kwenye robota. Nilitetemeka kama mwizi.

Aliyeniokoa ni muuzaji mwenyewe. Alichukua noti yangu ya 50, akaigeuza: upande mmoja 50, upande wa pili ٥٠. Akaweka kidole kwenye duara, akasema "khamsa". Akaweka kwenye kidoto, "sifr". Nikaelewa papo hapo: duara lao ni tano yetu, kidoto chao ndicho sifuri, kumbe bei ni 150 kwa mita. Rafiki alikuja na 400. Wiki ile nilikula mkate na maharage tu.

MamaZabibu: Pole sana kaka. Pazia liko wapi?

Mtoto wa Mpwapwa: Liko chumbani kwa mama, Mpwapwa.

Dada Ipagala: Noti ndiyo kamusi, kweli. Pale Makka nilijifunza kwenye magari, vibao vya namba vina tarakimu zote mbili, moja juu ya nyingine. Siku mbili nikajua kuwa ٦ si saba bali sita, na ٧, ile kama V, ndiyo saba.

Kijana wa Area C: Piga picha, simu itatafsiri.

Fundi wa Chang'ombe: Simu ilinipotezea kidoto. Boksi lilikuwa na mikunjo, ٣٠٠ ikaja 30. Kwanza hesabu alama zote, vidoto vikiwemo. Zikiwa tatu, hiyo ni mamia. Kisha andika kwenye kikokotoo, 300, mwonyeshe muuzaji kabla hajapima wala kukata. Akitikisa kichwa, mpe simu aandike mwenyewe.

Dada Ipagala: Simu yako usimpe mtu sokoni. Beba kalamu.

Kijana wa Area C: Kalamu na wewe! Muuzaji ataandika kwa tarakimu zake zilezile.

MamaZabibu: Mdogo wangu katuma nyingine, ya nyanya. Imeandikwa kwa mkono, kulabu moja tu. Hii ni 2 au 3?

Mkonze_Juu: 2.

Mtoto wa Mpwapwa: Usikimbilie. Misri wengi wakiandika kwa mkono, tatu yao inafanana na ٢ ya chapa, na mbili wanaipiga juu mstari ulionyooka tu. Kulabu ina bonde kichwani?

MamaZabibu: Kuna kabonde kadogo.

Mtoto wa Mpwapwa: Naegemea 3. Mwambie atafute kibao kingine cha muuzaji huyohuyo chenye 2 na 3 pamoja, alinganishe mwandiko.

Mkonze_Juu: Mimi bado naona 2.

MamaZabibu: Ameshatoka sokoni. Anasema kesho atarudi na noti mkononi.