Auto inanitupa seva ya mbali, halafu naambiwa niongeze bando. Nimechoka!

Mshale_Mkali

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea. Nacheza gemu la risasi kwenye laptopu kwa hotspoti ya simu, mtandao mwingine sina. Unamwona adui kwenye kona, unamlenga kichwani, unapiga, na risasi zote zinaishia ukutani kwa sababu mwenzako alishahama pale kitambo. Wewe unakimbia kujificha, unafika kabisa nyuma ya ukuta, halafu ndipo unaambiwa umekufa.

Nikawaandikia watu wa mtandao wangu wa simu. Jibu: chukua kifurushi chenye kasi zaidi. Nikawaandikia wenye gemu. Jibu: acha kanda kwenye Auto, mfumo utakuchagulia seva ya karibu.

Kasi ya nini? Nikipima napata megabiti 30 kwa sekunde, na mechi yenyewe haitumii hata megabiti moja. Na hiyo Auto ndiyo inayoniua. Inanipeleka Middle East, pingi 230. Nikiingia mwenyewe kwenye orodha nikachagua Europe, napata 165. Kwenye ramani Middle East iko karibu zaidi na nilipo, hata mtoto anaona. Sasa huo mfumo unapima nini? Kwa nini mtu alipie data yake halafu alazimishwe kucheza na seva mbovu? Na msiniambie nihamie mtandao wa waya, ningekuwa nao nisingefungua uzi huu.

Kasi_Tupu

Mkuu dawa ni VPN. Weka VPN ya Ulaya, pingi inashuka. Mimi nilikuwa 240, sasa nacheza 170. Kila mtu anayecheza kwa hotspoti aweke, mjadala ufungwe.

Neema_K

Afadhali wewe unalalamikia pingi. Mimi hotspoti inanimalizia bando lote kwa siku moja. Nafungua gemu jioni, kabla sijamaliza mechi mbili ujumbe umeingia kwamba data imekwisha. Hili gemu linakula data kuliko filamu. Kuna mtu anajua kupunguza?

Fundi_Mnara

Mshale, hasira yako ina haki, ila hapo umechanganya matatizo mawili. Kukwama kwa ghafla ni jambo moja, pingi kubwa ya muda wote ni jambo jingine, na dawa zake hazifanani. Igawe safari vipande vitatu: laptopu hadi simu, simu hadi mtandao wa nje, halafu kutoka huko hadi seva. Pima kila kipande peke yake.

Fungua Command Prompt kwenye laptopu, andika `ipconfig`, soma namba iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo simu yako. Fungua madirisha mawili, moja upime simu na jingine upime nje, yote kwa wakati mmoja huku ukiwa ndani ya mechi:

```
ping -n 300 192.168.43.1
ping -n 300 1.1.1.1
```

Hiyo namba ya kwanza weka ya kwako, simu nyingi za sasa hubadilisha. Usisome wastani tu, wastani unaficha mengi. Pitisha macho mstari kwa mstari utafute ile iliyoruka. Kama dirisha la simu limeruka, ugonjwa uko kati ya laptopu na simu, na mnara hauhusiki kabisa. Likitulia hilo na la nje likaruka, hapo ndipo tunazungumzia mnara au simu kuelemewa.

Kisha piga `tracert` kwenda seva ya Middle East, uone njia inakopita. Anwani ya seva utaipata kwenye Resource Monitor, sehemu ya Network, ukiwa mechini. Seva nyingi za gemu hazijibu pingi, kwa hiyo mistari ya mwisho ikitoa nyota usishtuke. Tazama ruta ya mwisho iliyojibu.

Neema, mechi yenyewe haiwezi kumaliza bando hivyo. Mchezo wa mtandaoni kwa kawaida hutumia makumi hadi mamia machache ya megabaiti kwa saa, kwa sababu unatuma mahali ulipo na ulichobonyeza, picha inachorwa na mashine yako. Kinachokula ni apdeti. Laptopu ikiona waifai inadhani ni mtandao usio na kikomo, inaanza kushusha vitu vyake kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya hiyo waifai, washa Set as metered connection, na uzuie apdeti za gemu zisijishushe zenyewe. Hiyo itamsaidia na Mshale, utaona.

Mshale_Mkali

Nimepima. Kwa waifai, laptopu hadi simu inasoma 2, 3, 2, 2, halafu ghafla 190, inarudi 2. Baada ya muda tena 170. Yaani hapo hapo mezani, simu iko pembeni ya kibodi!

Nikachomeka waya, nikawasha USB tethering, nikazima waifai ya laptopu. Sasa ni 1, 1, 1, na hakuna kuruka hata kidogo. Kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia hili? Pande zote mbili nilizoziandikia hazikugusa habari ya waya.

Ile ya kwenda nje inakaa 45 hadi 60. Ila kuna wakati ilipanda 400, 700, 900, ikakaa huko karibu nusu dakika, halafu ikashuka yenyewe. Na hapo nilikuwa tayari kwenye waya.

Tracert sasa, na hapa ndipo nilipopandwa na hasira upya. Ruta ya kwanza nje ya mtandao wangu ni 47. Inayofuata jina lake lina `mrs` katikati, 148. Kisha inaanza kurudi, inamalizia Middle East kwa 226. Hiyo `mrs` ni nini?

Fundi_Mnara

`mrs` kwenye majina ya ruta kwa kawaida ni Marseille, Ufaransa. Nyaya nyingi za chini ya bahari hutia nanga pale. Kwa hiyo paketi zako zinaivuka bahari hadi Ulaya, zinakabidhiwa kwa kampuni nyingine, ndipo zinageuka kwenda Middle East. Seva ya Ulaya ni hatua ndogo tu kutoka Marseille, ndiyo maana unaipata kwa 165. Middle East kwako iko mbali zaidi, hata kama ramani inasema vingine.

Chukua kipimo hiki: kwenye nyuzi za kioo mwanga unakwenda karibu kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kila kilomita 100 za waya zinakugharimu milisekunde moja ya kwenda na kurudi. Seva iliyo kilomita 3,000 ingepaswa kukuongezea kama 30 juu ya zile 45 za redio, labda na kidogo zaidi kwa kona za njiani. Ukiona inakupa 226, jua paketi zimezungushwa.

Hizo 45 za mwanzo zenyewe ni za kawaida kwa 4G, usihangaike nazo.

Kasi_Tupu, VPN ilikusaidia kwa sababu njia yako ilikuwa mbaya na ya VPN ikawa nzuri zaidi. Kwa Mshale akicheza Europe, njia yake imeshanyooka. Akiweka VPN anaongeza kituo kingine cha kupitia bila faida. VPN haifupishi bahari.

Kuhusu ile 900: angalia simu, siyo laptopu. Je, picha zilikuwa zinapakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni? Njia ya kupandisha data kwenye simu ni nyembamba, na foleni yake ni ndefu. Video moja ikianza kupanda, vipaketi vidogo vya gemu vinasimama nyuma yake vikisubiri zamu. Havipotei, vinachelewa, ndiyo maana unaona namba zinapanda taratibu kisha zinashuka.

Mshale_Mkali

Ni picha kweli. Nimezima upakiaji wa picha, nimezima pia usasishaji wa programu, na 900 sijaiona tena. Sawa.

Lakini bado nina ugomvi na wenye gemu. Kama pingi zangu kwa kila kanda wanazo, na wanazionyesha kwenye orodha, kwa nini Auto isichague ndogo? Na nikicheza na marafiki, kanda inayotumika ni ya kiongozi wa kikundi. Mwenzangu akiwa kiongozi na yeye yuko Auto, narudishwa kwenye 230 bila kuulizwa!

Jembe_Halilali

Hilo la kikundi dawa yake uwe kiongozi wewe. Kwenye Counter-Strike 2 kuna Max Acceptable Matchmaking Ping, unaweka kikomo na hupewi seva iliyozidi hapo. Ukibana sana utasubiri mechi hadi usinzie, lakini angalau una uamuzi. Kila gemu lingepaswa kuwa na kitu kama hicho.

Kuhusu Auto, mimi nahisi wanatazama anwani ya IP iko nchi gani, na anwani za mitandao ya simu mara nyingi zinasomeka mahali pasipo sahihi.

Fundi_Mnara

Inawezekana, na inawezekana pia inapima mara moja tu gemu linapofunguka, wakati huo simu ndiyo kwanza inaamka. Redio ya simu hulala ikikaa sekunde kadhaa bila kazi, na paketi ya kwanza baada ya hapo huchelewa. Ukipima kanda wakati huo unapata namba za uongo. Subiri kidogo, zipime upya, ndipo uchague kwa mkono.

Kasi_Tupu

Mimi VPN siiachi, kwangu inafanya kazi. Ila nina swali: nikipigiwa simu katikati ya mechi natupwa nje kabisa. Hiyo nayo ni njia mbaya?

Fundi_Mnara

Hapana. Kama laini yako haina VoLTE, yaani sauti kupitia 4G, au haijawashwa, simu ikiingia inashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili upokee sauti, na data inayumba au inasimama. Iwashe kwenye mipangilio ya laini. Kama haipatikani, elekeza simu zinazoingia kwenye namba nyingine ukiwa unacheza.

Mshale_Mkali

Narudi na la mwisho ambalo halijapona. Mchana, waya, Europe: 165 imetulia, nacheza kama binadamu. Usiku, vitu vyote vikiwa vilevile: laptopu hadi simu ni 1, ila kwenda nje inakuwa 80, 210, 95, 340, na katika paketi 300 zinapotea 11. Vistari vya mawimbi kwenye simu vimejaa, hakuna kinachopakiwa. Fundi, hapo ni nini?

Fundi_Mnara

Mnara umejaa watu. Vile vistari vinaonyesha nguvu ya mawimbi, havionyeshi foleni. Hakuna mpangilio wa kwenye laptopu utakaoondoa hilo. Jaribu kuilazimisha simu ibaki 4G tu kama inarukaruka kati ya 4G na 5G, au laini ya mtandao mwingine saa hizo hizo, kwa vipimo hivi hivi, ulinganishe.

Mshale_Mkali

Yaani ninunue laini ya pili kwa sababu wa kwanza wameuza nafasi nyingi kuliko walizonazo? Nitajaribu, lakini malalamiko yangu kwao yanabaki palepale, na safari hii nawatumia namba za mchana na za usiku pamoja. Wakinijibu tena niongeze kifurushi, nitaleta jibu lao hapa.