Kapasita ya 0.1 au ya 10 kabla ya ampea? Na mbona sauti inapita ilhali umeme wa betri haupiti?

Mgeni_wa_Waya
Wakuu, salaam. Ninaunganisha maikrofoni na ampea ndogo ya kukuza sauti, vyote vinatumia betri ya volti 9. Mchoro una kapasita moja kati ya sakiti ya maikrofoni na mlango wa ampea, ila thamani yake imefutika. Ninazo mbili, 0.1 µF na 10 µF. Ipi inafaa?

Halafu kuna jambo linalonisumbua kuliko hilo. Naambiwa ndani ya kapasita kuna mabamba mawili yasiyogusana, katikati yake kihami. Kama hayagusani, njia imekatika. Sauti inapitaje hapo? Na kama kuna njia, kwa nini umeme wa betri usiifuate hiyohiyo?

Salehe_Ampea
Weka 10, kubwa haikosei. La pili ni rahisi: kwa umeme mnyoofu kapasita ni waya uliokatika, kwa umeme unaobadilika ni waya mzima. Elektroni zikitikiswa kwa kasi zinauruka ule mwanya.

Fundi_Kimya
Kapasita ya feni yangu ya dari ni 2.5 µF, feni inanguruma tu haizunguki. Nikiweka hiyo 10 itazunguka?

Mama_Risasi
Ndugu wa feni, usiweke. Feni inataka thamani ileile iliyoandikwa, na aina inayostahimili umeme wa nyumbani. Fungua mada yako, tutakuja.

Salehe, kanuni yako inasaidia mezani, lakini sababu uliyotoa siyo. Elektroni haziruki. Siku zitakapopenya kihami, kapasita imeharibika. Mgeni, ukitaka kuona kinachotokea, chukua betri ya volti 9, resista ya omu 1,000, taa ndogo ya ledi na kapasita ya 1,000 µF. Ziunge zote kwa mfuatano, mguu hasi wa kapasita uelekee upande hasi wa betri.

Ledi itawaka, itafifia, kisha itazima ndani ya sekunde chache. Kwa muda ule iliowaka, mkondo ulikuwapo kweli, na hakuna elektroni hata moja iliyovuka kihami. Betri ilisukuma elektroni kwenye bamba moja, na zile zilizojazana hapo zikazifukuza elektroni za bamba la pili, zikaondoka kurudi kwenye betri. Kila waya ulikuwa na elektroni zinazotembea. Lakini kadiri chaji inavyorundikana, kapasita inajenga volti zake zinazoshindana na betri. Zikifika karibu 7, maana ledi imejichukulia kama 2, hakuna tena cha kusukuma. Mkondo unakoma.

Sasa ondoa betri, geuza miguu ya ledi, halafu unganisha kwa waya zile ncha mbili zilizokuwa kwenye betri. Ledi inawaka tena: chaji inarudi ilikotoka. Ukiwa na chanzo kinachosukuma na kuvuta bila kupumzika, mkondo utaenda na kurudi bila kukoma. Hiyo ndiyo maana ya kusema ishara inapita.

Salehe_Ampea
Sawa dada, nakubali haziruki. Ila ledi ni ledi. Kwenye sauti, volti 4.5 zinabakije upande mmoja na sauti iende upande wa pili, wakati zote ziko kwenye waya mmoja?

Mama_Risasi
Swali zuri. Tuseme mwisho wa sakiti ya maikrofoni unakaa kwenye volti 4.5 kukiwa kimya, na mlango wa ampea una resista ya omu 10,000 kwenda kwenye sifuri. Tumia ile ya 10 µF. Ukiwasha, bamba la kushoto linapanda hadi 4.5, na la kulia linaburutwa nalo juu, kwa sababu kapasita bado ni tupu na volti kati ya mabamba yake haziwezi kubadilika ghafla. Huo ndio ule mshindo unaousikia kwenye spika. Kisha resista inaishusha chaji ya kulia. Zidisha omu 10,000 kwa 10 µF, unapata sekunde 0.1, na baada ya kama mara tano ya muda huo kulia kuko karibu sifuri. Kapasita imebeba volti 4.5 zote yenyewe.

Sasa zungumza. Kushoto kunapanda kutoka 4.5 hadi 4.6. Kapasita haina muda wa kubadilisha zile 4.5 ilizobeba, kwa hiyo kulia kunapanda kutoka 0 hadi 0.1. Kushoto kukishuka hadi 4.4, kulia kunakwenda 0.1 chini ya sifuri. Yaani kapasita inatoa 4.5 kwenye kila kinachokuja, na kinachosalia ni badiliko peke yake.

Mgeni_wa_Waya
Hapo nimeelewa! Kwa hiyo inategemea kapasita ipewe muda au isipewe. Ile ya 0.1 basi hujaa haraka zaidi?

Mama_Risasi
Umegusa penyewe. Kwa 0.1 µF na resista ileile, muda ni sekunde 0.001 tu. Wimbi la 1,000 Hz linageuka kabla kapasita haijafanya lolote la maana, na karibu asilimia 99 ya kimo chake inafika. Wimbi la 50 Hz huchukua sekunde 0.02 kwa mzunguko mmoja. Hapo kapasita inapata nafasi ya kulifuata wimbi, inalihesabu kama umeme unaotulia, na kinachofika ni kama asilimia 30. Mpaka wake ni huu:

```
f = 1 / (2 × 3.14 × R × C)
```

Kwa 0.1 µF ni kama 159 Hz, kwa 10 µF ni kama 1.6 Hz. Si ukuta, sauti hupungua taratibu ukishuka chini ya hapo. Weka ya 0.1 usikie besi ikikonda.

Bomba_la_Maji
Mimi hulifikiria kama utando wa mpira ulioziba bomba la maji. Ukisukuma upande mmoja tu, unavimba na kusimama. Ukisukuma na kuvuta, maji ya upande wa pili yanacheza, na hakuna tone lililovuka.

Ila sikubali kwamba 10 ndiyo jibu. Kwa maneno matupu ya maikrofoni, besi ya chini kabisa ni ngurumo za meza na upepo wa pumzi. Mimi ningeweka 1 µF ya plastiki, mpaka wake ni kama 16 Hz, haina chanya wala hasi, na mshindo wa kuwasha ni mfupi.

Salehe_Ampea
1 µF ya plastiki ni kubwa kwa umbo, haitoshei kwenye bodi ndogo. Ya elektroliti imetumika kwenye redio miaka yote na watu wanasikiliza vizuri.

Mama_Risasi
Ngurumo, hapo Bomba ana hoja. Plastiki au elektroliti, mtabishana hadi kesho. Mgeni, ukitumia elektroliti, mguu chanya uelekee kwenye 4.5. Kisha weka mita kwenye volti za umeme mnyoofu upime mlango wa ampea kukiwa kimya. Ukisoma karibu sifuri, kapasita inazuia. Ukisoma nusu volti na haishuki, inavuja: imechakaa au umeigeuza.

Mgeni_wa_Waya
Nimeweka ya 10, mita ilipanda ikashuka hadi 0.00. Lakini mshindo wa kuwasha ni mkubwa. Nikiongeza resista ya pili hapo kwenye mlango utapungua, au nitapoteza na sauti?